Kitasa cha Nyumba Namba Saba

Msimamizi wa jengo alizipeleka barua mwenyewe, mlango kwa mlango, na kila aliyepokea alitia sahihi kwenye daftari ili asije kesho akasema hakuiona. Alipofika nyumba namba saba, ghorofa ya pili, alimkuta Fundi kwenye cherehani, pini tatu mdomoni na sketi ya shule magotini. Fundi alitia sahihi bila kutoa pini.

"Soma vizuri, mzee wangu," msimamizi alisema. Alikuwa mama wa makamo, mpole kwa sauti na mgumu kwa karatasi. "Una siku tisini mpaka kazi ianze, ila fomu naitaka ndani ya siku thelathini. Asiyejibu, nyumba yake haitawekwa akiba."

"Mmm," alisema Fundi.

"Na Jumamosi tuna kikao pale chini uani. Usiniambie una sare za watu."

"Mmm."

Basi huyo ndiye Fundi. Mtu wa maneno machache, na hayo machache nusu yake ubishi. Alikuwa ameshona sare za shule kwenye dirisha lile kwa miaka ishirini na sita, akamzika mke wake kutoka mle ndani, akalea binti mmoja mle ndani, na kisha, kwa mdomo wake mwenyewe, akamfukuza binti huyo kutoka mle ndani. Majirani walimtania kwa mambo mawili. La kwanza ni futi yake ya kupimia, iliyokatwa sentimita kumi za mwanzo, kiasi kwamba akikupima kiuno husoma namba halafu anatoa kumi kichwani. La pili ni kitasa cha mlango wake.

Kitasa kile kilikuwa balaa. Ili kifunguke ilibidi uuinue mlango kidogo kwa mkono wa kushoto, uusukume kwa goti, ndipo uzungushe ufunguo. Wageni walikuwa wanahangaika pale nje mpaka jasho linawatoka. Mara ngapi Mama Pacha wa nyumba namba nane alimwambia, "Fundi, kitasa kipya ni bei ya sketi mbili, unajitesa nini?" Naye hujibu, "Kimenizoea." Watu wakacheka, wakasema ubahili umempanda kichwani.

Haukuwa ubahili. Miaka saba iliyopita binti alitoka na begi moja na ufunguo wa mlango ule, na tangu siku hiyo Fundi aliapa moyoni kwamba kitasa hakiguswi. Siku akirudi, akirudi saa yoyote, baba yupo au hayupo, apande ngazi, auinue mlango kwa mkono wa kushoto, asukume kwa goti, aingie. Asibishe hodi. Asiombe. Hilo tu ndilo alilobaki nalo la kumpa.

Alipotoa pini mdomoni akaanza kusoma barua, alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Mabomba yote ya maji yatang'olewa na kuwekwa mapya. Nyaya za umeme vilevile. Paa litaezuliwa. Kazi itachukua miezi sita, na kwa kuwa maji na umeme vitakatwa, hakuna anayeweza kukaa ndani. Kila mpangaji atapewa chumba kwenye jengo jingine la mwenye nyumba, upande wa pili wa mji. Chumba ni kidogo, hivyo kodi itapunguzwa kwa asilimia thelathini muda wote wa kukaa huko, na ikiwa kazi itachelewa, punguzo litaendelea mpaka siku ya kukabidhiwa funguo. Gari la kuhamisha vyombo, kwenda na kurudi, ni la mwenye nyumba. Amana ya mtu inabaki palepale. Atakayerudi atarudi nyumba yake ileile, na kodi itapanda asilimia ishirini, nusu siku ya kurudi na nusu baada ya mwaka. Asiyetaka kurudi atalipwa kodi ya miezi mitatu pamoja na amana yake yote, mkataba uishe kwa heri.

Mpaka hapo Fundi hakushtuka. Kodi ikipanda atashona zaidi, macho yakiruhusu. Ila ukurasa wa pili ulikuwa na orodha ya kazi, na mstari wa tisa ulisema: milango yote na vitasa vyote vitabadilishwa, na kila mpangaji atapewa funguo mbili mpya.

Aliusoma mara nne. Halafu akaiweka barua juu ya cherehani na kukaa tu, miguu juu ya kanyagio, bila kukanyaga.

* * *

Kikao cha Jumamosi kilikuwa na kelele za kutosha. Watu walikaa kwenye ngazi, kwenye ndoo zilizopinduliwa, wengine wameegemea kuta zenye ukungu ambazo ndizo zilizoleta maneno yote haya. Msimamizi alisimama katikati na karatasi zake.

"Asilimia ishirini, mama, si kidogo!" alipaza sauti mpangaji wa namba tatu. Huyu watu walimwita Kesho, kwa sababu kila mdai aliyekuja kumtafuta aliambiwa arudi kesho. "Mnatupaka rangi ukutani halafu mnatupaka na sisi!"

Watu waliangua kicheko. Hata msimamizi alitabasamu.

"Si rangi, ndugu yangu. Wewe mwenyewe uliniletea malalamiko ya bomba mara sita. Bomba linapasuka, ukuta unalowa, nyaya ziko ndani ya ukuta uleule. Unataka tusubiri mtu apigwe na umeme?" Alieleza tena kwamba ongezeko ni kwa mafungu mawili, kwamba halitaguswa tena kwa miaka miwili, na kwamba limeandikwa, si la mdomoni.

Waliuliza la choo, wakauliza la vyumba vya muda vina madirisha au ni stoo, wakauliza nani atalipa kabati likivunjika njiani. Msimamizi akajibu moja moja. Fundi alingoja mpaka kelele zikapoa, ndipo akainua mkono.

"Mimi sina neno na kodi," alisema. "Nina neno na mstari wa tisa. Kitasa changu kisibadilishwe."

Uwanja mzima ulilipuka. Kesho alishika tumbo. "Jamani! Mtu anapewa kitasa cha bure anakataa! Fundi, hicho kitasa umekioa?"

Fundi hakucheka. "Mlango badilisheni. Mlango si neno. Kitasa kitolewe kwenye mlango wa zamani, kifungwe kwenye mpya."

"Mzee, vitasa vimeshaagizwa," msimamizi alisema. "Na fundi seremala atasema nini? Kile chako kimechoka, tundu lake kubwa…"

"Kitolewe, kisafishwe, kifungwe. Ufunguo wake usibadilike. Nikipata hilo kwa maandishi, natia sahihi leo hii, wa kwanza. Nisipopata, mtanitoa na mabomba."

Msimamizi alimtazama. Alikuwa amefanya kazi na wapangaji muda mrefu, akajua sauti ya mtu anayelia bila machozi. Hakuuliza kwa nini. Alichukua kalamu, akaandika pembeni mwa mstari wa tisa kwenye fomu ya Fundi: *isipokuwa nyumba namba 7, kitasa cha zamani na ufunguo wake vitarudishwa kwenye mlango mpya*. Akaweka herufi zake za mwanzo pale, akampa Fundi naye aweke zake, akafanya vivyo hivyo kwenye nakala ya pili.

Fundi alihisi kifua kimefunguka. Nusura acheke. Akakaa kwenye ngazi, akaiweka fomu gotini, akaanza kuijaza sehemu zilizobaki haraka haraka, kama mtu aliyemaliza mtihani mgumu na sasa anaandika jina lake tu.

Sehemu ya kwanza, jina na nyumba. Sehemu ya pili, atarudi au harudi: atarudi. Sehemu ya tatu, vyombo vikubwa vya kubeba: kitanda, kabati, cherehani. Sehemu ya nne ilikuwa fupi: *Je, unaruhusu anwani yako ya muda itolewe kwa watu watakaokuja kukuulizia? Ndiyo. Hapana.*

Hapo Mama Pacha akaja kukaa kando yake. Mwanamke huyu alikuwa amemkimbia mume aliyemvunja mkono, na watu wote wa jengo walikuwa wanajua, wala hakuna aliyewahi kumtaja kwa mgeni. Alizungumza chini chini.

"Fundi, nakuomba kitu. Tumekubaliana sote tuweke Hapana hapa. Kwa kuwa tunapelekwa jengo moja, mmoja akisema Ndiyo tumejulikana wote. Yule mtu bado ananitafuta. Alifika hata shuleni kwa wanangu."

"Na mimi wadai wangu jamani," Kesho alidakia kutoka nyuma. "Miezi sita ya amani, msininyime!"

Fundi hakufikiri hata kidogo. Na afikiri nini? Mbele yake kulikuwa na mama aliyeogopa, na kalamu ilikuwa mkononi. Aliweka alama kwenye Hapana, akatia sahihi chini, akamrudishia msimamizi.

Miaka saba alikuwa amemwona binti yake akija, kwa mawazo tu, amemwona maelfu ya mara, na kila mara alimwona mlangoni, mkono wa kushoto ukiinua, goti likisukuma. Hakuwahi kumwona getini.

* * *

Chumba cha muda kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta. Fundi alishonea pale taa ikiwaka mchana. Hakulalamika. Kila mwezi alilipa kodi yenye punguzo, akashona sare, akahesabu wiki.

Na ni kule, kwa sababu ya kukosa la kutazama dirishani, ndiko alikoanza kulitazama lile lililotokea. Binti alikuwa na miaka ishirini, mwaka mmoja baada ya mama yake kufariki. Alikuja akasimama mbele ya cherehani akasema ana mimba. Fundi hakumpiga. Angempiga labda ingekuwa afadhali. Alisema, bila kuinua macho kwenye kitambaa, "Toka. Na huyo mtoto wako hatakanyaga hapa ndani maisha yangu yote." Akaendelea kukanyaga cherehani mpaka aliposikia mlango ukifungwa. Mshono wa siku ile ulikuwa umenyooka, hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba mkono haukutetemeka.

Wiki ya tatu hasira iliisha na kiburi kikabaki. Mwezi wa tano kiburi nacho kikaisha. Alikwenda kwa yule dereva wa malori aliyempa binti mimba, akaambiwa amehama mji, na binti naye, haijulikani kama wako pamoja. Alipiga simu, simu ya binti haikupatikana tena. Halafu Fundi akalazwa hospitali kwa miezi kadhaa, laini yake ikafungwa kwa kutotumika, na nambari akapewa mtu mwingine. Kwa hiyo hakubaki na uzi wowote wa kumfikia binti, isipokuwa ule ufunguo.

Hata ufunguo wenyewe ulikuwa na kisa. Utotoni binti alikuwa mpotezaji. Alipoteza ufunguo wa kwanza darasa la pili, wa pili mwaka huohuo, wa tatu alisema umeliwa na mbuzi. Fundi alichukua mkasi, akakata sentimita kumi za mwanzo za futi yake ya kazi, akazifunga kwenye ufunguo wa nne, akamvisha shingoni. "Ukiupoteza huu umepoteza na mkate wetu," alimwambia. Binti akaushika kwa mikono miwili. Huo hakuupoteza. Na Fundi hakununua futi nyingine, akawa anatoa kumi kichwani kwa kila kiuno cha kila mtoto wa mji huo.

Kazi ilichelewa, kama kazi zote. Miezi sita ikawa saba na nusu. Kesho alipiga kelele, ingawa punguzo lilimfaa kuliko wote. Mwishowe gari likaja.

* * *

Mwanga wa nyumba namba saba ulikuwa mwingine kabisa. Kuta kavu, bomba linatoa maji kwa nguvu hadi unaruka nyuma, swichi zinabonyea kwa kidole kimoja. Fundi aliyapita yote hayo. Alisimama mbele ya mlango wake mpya, mbao ngumu zenye harufu ya vanishi, na pale katikati, kilichong'arishwa lakini kilekile, chenye mkwaruzo wake ule chini ya tundu, kilikuwa kitasa chake.

"Kilinipa tabu, mzee," seremala alimwambia. "Ilibidi niongeze ubao kwa ndani ili kishike. Lakini mama wa ofisini alisema kimeandikwa, hakuna mjadala. Sasa huhitaji kuinua mlango wala goti. Zungusha tu."

Fundi alizungusha. Mlango ukafunguka. Akaufunga, akaufungua tena, akaufunga. Macho yalimjaa, akajifanya vanishi imemuwasha. Siku ile alikanyaga cherehani akiimba, na Mama Pacha alisimama ukumbini akishangaa, maana hakuwahi kumsikia.

Asubuhi iliyofuata mlinzi alipanda ngazi. Alikuwa mtu mzima, mstaarabu, aliyelinda geti tangu siku ya kwanza ya ukarabati. Alikataa kuketi. Alisimama na kofia mkononi.

"Mzee ndiye wa namba saba? Mwenye cherehani?"

"Ndiye mimi."

"Nina amana yako. Jana kulikuwa na vurugu za magari, sikutaka kukupa mbele za watu." Akatoa bahasha mfukoni, imechafuka saruji pembeni. "Ilikuwa mwezi wa nne wa kazi. Alikuja mwanamke."

Fundi aliifungua bahasha. Ndani kulikuwa na ufunguo, na kwenye ufunguo kipande cha futi, kimefifia, namba zimebaki nusu, kutoka sifuri mpaka kumi.

Mlinzi alieleza polepole, kwa kuwa aliona uso wa mzee unabadilika. "Aliniambia anakuja kumwona baba yake. Nikamwambia, dada, wapangaji wote wamehama, ni eneo la kazi, huwezi kupita. Akaniuliza wamehamia wapi. Mimi sijui, na barua niliyobandikiwa pale kibandani ilisema anayeuliza apelekwe ofisini. Nikamwelekeza ofisini. Akaenda."

"Akaenda," Fundi alirudia.

"Akarudi baada ya saa moja hivi. Alikuwa amelia, lakini amejifuta. Nikamuuliza, vipi, wamekwambia? Akasema wameangalia fomu, wamemwonyesha. Baba yake mwenyewe ameweka Hapana, na sahihi yake anaijua." "Halafu akasema, 'Kumbe bado.' Hivyo tu. 'Kumbe baba bado.' Akatoa ufunguo shingoni akanipa. Akasema, akirudi mpe. Mwambie huu sikuupoteza."

Fundi alishika ukingo wa cherehani.

"Hakuwa peke yake," mlinzi aliendelea, na sauti yake ikashuka. "Alikuwa na mtoto wa kike. Mchangamfu huyo! Ana pengo hapa mbele. Alitaka kuingia kwa nguvu, akawa ananivuta suruali, 'Babu anakaa ghorofa ya ngapi? Babu anakaa ghorofa ya ngapi?' Mama yake akamvuta mkono."

Mtoto hakukanyaga mle ndani. Fundi alikuwa ametamka, na yale aliyoyatamka kwa hasira miaka saba kabla alikuja kuyatimiza kwa kalamu, kwa moyo mweupe, ameketi kwenye ngazi akifurahia kitasa.

* * *

Alikwenda ofisini na slipa miguuni. Msimamizi alimpokea kwa tabasamu, tabasamu likafa alipouona uso wake. Fundi aliweka ufunguo juu ya meza na kueleza kwa sentensi tatu, pengine nne.

Msimamizi alinyanyuka, akatafuta faili, akafungua. "Nilikuwa likizo mwezi ule," alisema. "Alipokelewa na karani wa zamu. Ameandika hapa: *Alikuja mwanamke, anasema ni mtoto wa mpangaji wa 7. Ameonyeshwa fomu. Nimemwambia aache jina na simu tumfikishie mpangaji. Amekataa. Amesema aliyekataa asilazimishwe.*" Aliisoma mara ya pili kimoyomoyo. "Karani alifuata fomu, mzee. Angesema vinginevyo, angemhatarisha yule mama mwenye pacha."

"Najua."

"Ungetuambia. Ungetuambia tu kwamba una mtu unayemsubiri. Tungeandika pembeni, kama tulivyoandika kitasa."

"Najua, mama." Fundi alikuwa anaitazama fomu, ile alama yake ya kalamu, nzito, ya mtu asiye na wasiwasi. "Nibadilishie hapa. Niweke Ndiyo."

Msimamizi aligeuza fomu, akaigeuza tena. "Hii ilikuwa ya muda ule wa kuhama, baba. Imeisha kazi yake. Sasa uko nyumbani kwako." Hata hivyo alichukua kalamu, akaandika kwenye jalada la faili kwamba yeyote atakayemuulizia mpangaji wa namba saba apelekwe mlangoni kwake mara moja, saa yoyote. Waliweka herufi zao wote wawili. Fundi alishukuru, akauchukua ufunguo wake. Walijua wote wawili kwamba mtu aliyerudisha ufunguo haji tena kuuliza.

Alirudi kwa miguu. Getini alisimama mbele ya mlinzi, na mlinzi akainuka kwenye kiti chake.

"Yule mtoto," Fundi alisema. "Urefu wake."

"Urefu?"

"Alikufika wapi? Nionyeshe kwa mkono."

Mlinzi alifikiri. Hakutaka kukosea. Akaukunjua mkono wake, akaushusha, akaupandisha kidogo, akautuliza hewani juu kidogo ya mkanda wake, kiganja chini. "Hapa. Labda nywele zikizidi, hapa hapa."

"Usiutikise."

Fundi alipiga goti kwenye vumbi. Alitoa futi yake shingoni, ile ya siku zote, iliyoanzia kumi. Akakifungua kile kipande cha sifuri mpaka kumi kutoka kwenye ufunguo, akakisimamisha wima ardhini karibu na kiatu cha mlinzi, akaunganisha futi juu yake, akapandisha mpaka kwenye kiganja. Safari hii hakutoa kitu kichwani. Mia moja na kumi na sita.

"Ilikuwa mwezi wa nne wa kazi, si ndiyo?" aliuliza akiwa bado amepiga goti.

"Mwezi wa nne, mzee."

"Basi ni miezi mitatu na nusu sasa. Wanakua haraka wakiwa na pengo."

Alipanda ngazi. Akachagua kitambaa cha buluu, si cha sare, kile alichokuwa amekitunza tangu mke wake yuko hai, akakitandaza mezani na kuchora kwa chaki. Mama Pacha aliyekuwa anapita aliona mlango uko wazi, akachungulia, akaona gauni dogo linakatwa.

"La nani hilo, Fundi?"

"La mjukuu wangu."

Mama Pacha alikuwa hajui kama Fundi ana mjukuu. Aliona ufunguo juu ya meza na kile kipande cha futi, akaona na macho ya mzee, akaingia akaketi bila kuuliza zaidi. Fundi alikunja upindo wa chini vidole viwili, akautazama, akaufumua. Akakunja vidole vinne, kitambaa kingi zaidi ya anavyoacha mtu yeyote, ili uweze kushushwa mwaka huu, na mwaka ujao, na mwingine baada ya huo. Halafu akaanza kukanyaga cherehani, na mshono ulikwenda upande.